Raba Hufutwa kwa Raba

Asubuhi ya pili baada ya arusi, kabla masufuria ya kukodi hayajarudishwa, shangazi yangu alisimama mlangoni pa nyumba yake Ngamiani, Tanga, mikono kiunoni, akiitazama baraza. Ni baraza ya saruji, urefu mita 6 na upana mita 2, na miezi michache tu nyuma ilikuwa imepakwa rangi ya mafuta nyekundu. Mikate ya maji iliyodondoka haikumsumbua, wala mabaki ya pilau. Kilichomkera ni michirizi myeusi, mingine mifupi iliyopinda kama kope, mingine mirefu kama mtu aliyeburuta kijiti cha mkaa. Alikwishapiga deki mara mbili. Vumbi lilitoka, michirizi ikabaki na kuonekana vizuri zaidi.

“Mwanangu,” aliniambia nilipomwamkia, “viatu vya watu vimeniandikia barua.”

Nilichuchumaa kuisoma hiyo barua, na kweli ilikuwa na mpangilio. Katikati ya baraza palikuwa na michirizi michache. Kando ya kizingiti, mahali wageni wanapovua viatu, palikuwa peusi. Ukimtazama mtu anayevua viatu kwa haraka utajua sababu: hainami. Anakanyaga kisigino cha kiatu kimoja kwa ncha ya kingine, anazungusha mguu, anauchomoa. Soli inasagika sakafuni wakati uzito wote wa mwili uko juu yake. Kutembea kwenyewe huacha alama kidogo sana, kwa kuwa mguu hukanyaga na kuinuka. Alama huachwa na mguu unaoteleza au kuzunguka.

Soli nyingi nyeusi ni mpira uliochanganywa na masizi laini sana ya kaboni. Masizi hayo hayatiwi kwa urembo tu. Huufanya mpira uwe mgumu, usilike upesi, ndiyo maana hata matairi ya magari ni meusi, na katambuga zinazochongwa kwenye matairi hayo hurithi weusi uleule. Soli inaposuguliwa sakafuni hupata joto, mpira unalainika kidogo, na utando mwembamba unabanduka na kunata juu ya rangi. Kwa hiyo unachokiona si wino ulionyweshwa sakafuni. Ni kipande cha kiatu, chembamba kuliko karatasi, kilichogandamia juu. Maji na sabuni vinapita juu yake kama vinavyopita juu ya kandambili.

Hapo ndipo shangazi alipotaka kwenda dukani kununua magadi na stiliwaya, nami nikamwomba asubiri. Fundi rangi aliyeipaka baraza hiyo anaishi mtaa wa pili, na alipokuja, kitu cha kwanza alichokitoa mfukoni kilikuwa raba ya kufutia penseli, ya mtoto wa shule. Aliiweka juu ya mchirizi mmoja kando ya kizingiti, sakafu ikiwa kavu, akasugua kwa kwenda na kurudi kifupi kifupi, kama mara 10. Vikatoka vijinyuzi vyeusi, vile vinavyobaki kwenye daftari ukifuta. Akavipuliza. Pale palikuwa pekundu tupu.

“Raba hufutwa kwa raba,” alisema, na hakuwa anatania. Mpira hupenda kushikana na mpira kuliko unavyoshikana na rangi ngumu iliyokauka. Ukiusugua utando huo kwa mpira mwingine, unajiviringisha na kuachia. Kwa eneo kubwa, mpira wa tenisi hufanya kazi hiyohiyo: unautoboa tundu dogo kwa kisu, unauchomeka kwenye ncha ya mpini wa ufagio, unasugua ukiwa umesimama. Jambo moja tu la kuangalia ni kufagia na kufuta vumbi kwanza. Chembe ya mchanga ikinaswa chini ya raba huwa msasa, nawe utakuwa unachora mistari mipya wakati unafuta ya zamani.

Lakini fundi hakufuta baraza yote kwa raba. Alitembea na kukagua, akipitisha ukucha juu ya kila mchirizi, akaigawa katika makundi matatu. Ugawaji huo ndio kazi yenyewe, maana alama tatu zinazofanana kwa macho hutaka mambo matatu tofauti.

Kundi la kwanza ni lile la utando. Ukucha ukipita unakwama kidogo, kama juu ya gundi kavu, na ukikwaruza kwa upole weusi unaingia chini ya ukucha. Huo umekaa juu, nao hutoka. Kundi la pili ni mkwaruzo. Ukucha unatumbukia kwenye mfereji mdogo, na ndani ya mfereji huenda ukaona kijivu cha saruji. Hapo kiatu hakikuacha kitu, kimechukua kitu. Msumari wa kisigino, au kijiwe kilichonasa kwenye soli, kimeng’oa rangi, na uchafu ukajaa ndani. Unaweza kusafisha huo uchafu, lakini rangi iliyoondoka hairudi kwa sabuni yoyote. Kundi la tatu ukucha haulihisi kabisa. Pamelala sawasawa na rangi, halina ukingo mkali, na mara nyingi ni la kahawia kuliko jeusi. Hilo nitalirudia, kwa sababu ndilo linalowatesa watu wengi zaidi.

Michirizi mingi ya shangazi ilikuwa ya kundi la kwanza. Iliyokuwa myepesi ilitoka kwa raba. Iliyokuwa mizito, hasa pale kizingitini ambapo viatu mia vilipita juu ya alama moja, ilibaki kijivu hata baada ya kufutwa. Hapo tulipanda ngazi moja moja, na kila ngazi tuliijaribu kwanza nyuma ya mlango, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaona.

Ngazi ya kwanza ni maji ya uvuguvugu, nusu ndoo, yaani kama lita 5, na vijiko 2 vya mezani vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Watu huikosea ngazi hii kwa haraka. Wanamwaga, wanasugua papo hapo, wanalaumu sabuni. Weka kitambaa kilicholowa juu ya alama, kiache dakika 5, ndipo usugue kwa dodoki. Sabuni haiyeyushi mpira, ila huondoa mafuta na vumbi lililoshikana nao, na utando uliobaki huwa dhaifu. Dodoki ni jema hapa kwa sababu ni kali kiasi cha kubandua utando lakini si kali kiasi cha kuchubua rangi.

Ngazi ya pili ni baiking soda, unga mweupe wa kupikia keki. Vijiko 3 vya unga kwa kijiko 1 cha maji hutoa uji mzito kama dawa ya meno. Unaupaka juu ya alama, unasugua kwa kitambaa chenye unyevu kwa duara ndogo, bila kukandamiza. Chembe zake ni msasa laini sana: hubandua utando wa mpira, lakini ukikandamiza zinaweza kufifisha mng’ao wa rangi. Kisha suuza mara mbili, la sivyo baraza ikikauka utaona ukungu mweupe, ukadhani umeharibu kumbe ni unga uliobaki.

Ngazi ya tatu, ambayo fundi aliiita ya mwisho, ni mafuta ya taa. Alimimina kama kijiko cha chai kwenye pindo la kitambaa, hakumimina sakafuni, akakibonyeza juu ya alama kwa muda wa kuhesabu hadi 30. Mafuta ya taa huingia kwenye mpira na kuuvimbisha, ukalegea na kuachia. Alipofuta, kitambaa kilitoka cheusi. Akageuza upande safi, akafuta tena, halafu mara moja akaosha mahali hapo kwa maji ya sabuni, kwa kuwa mafuta yakibaki hunasa vumbi na kuteleza miguuni. Shangazi alikuwa na chetezo cha ubani kikifuka mlangoni tangu alfajiri. Fundi alikataa kufungua chupa mpaka kikaondolewa. Vitambaa vilivyotumika vilianikwa nje, vimetandazwa, mbali na jiko.

Kilichonivutia ni kuwa aliomba kitambaa cheupe, na alipopewa kipande cha khanga ya zamani alikirudisha. “Kitambaa kiwe cheupe,” alisema, “ili kikuambie ukweli. Kikitoka cheusi, unaondoa kiatu. Kikitoka chekundu, unaondoa nyumba.” Sijapata kusikia kipimo kizuri kuliko hicho. Katika ngazi yoyote ile, mara rangi ya sakafu inapoanza kuonekana kwenye kitambaa, acha. Dawa uliyoshika imeishinda rangi kabla ya kulishinda doa.

Kipimo hicho kinafaa zaidi kwa mtu asiyejua baraza yake ilipakwa rangi gani. Rangi ya mafuta na rangi ya maji hazivumilii vitu sawa. Kuna njia rahisi ya kuzitambua: lowesha pamba kwa spiriti ya dukani, sugua mahali pa kificho. Rangi ya maji italainika na kuchafua pamba. Rangi ya mafuta iliyokauka vizuri haitaachia kitu. Kama ni ya maji, spiriti usiitumie kabisa kwenye madoa, na hata dodoki lipite kwa upole.

Sasa turudi kwenye vile vitu ambavyo shangazi alikuwa akivifuata dukani, kwa maana ndivyo karibu kila mtu huvikimbilia.

Magadi na baiking soda ni ndugu, lakini mmoja ni mpole na mwingine si mpole. Magadi tunayotia kwenye maharage, yale yanayotoka maziwa kama Natron na Magadi, ni makali zaidi kwa alkali. Rangi ya mafuta imetengenezwa kwa mafuta, na alkali kali ikikutana na mafuta hutengeneza sabuni, jambo lilelile linalotokea kwenye sufuria ya mtengeneza sabuni. Ukiacha maji mazito ya magadi juu ya baraza, sehemu ya rangi yako inageuka sabuni taratibu. Inapoteza mng’ao, inakuwa laini na kunata, kisha inabanduka. Dalili ya mapema ni utelezi unaousikia kwenye vidole hata baada ya kusuuza.

Stiliwaya huondoa doa kweli, tatizo ni kwamba huondoa na jirani zake. Mng’ao wa rangi ya mafuta uko kwenye ngozi yake ya juu iliyo laini kama kioo. Waya huijaza mikwaruzo midogo, na hapo paliposuguliwa panabaki pamefifia daima. Tena mikwaruzo hiyo hunasa uchafu, hivyo mwezi ujao pale pale patachafuka upesi kuliko kwingine. Vipande vya waya vilivyokatika vikibaki sakafuni na kupata maji, vinashika kutu, na doa la kutu kwenye saruji ni balaa jingine. Ile sponji nyeupe ya melamini inayouzwa madukani siku hizi kama ya maajabu nayo ni msasa, ila laini mno. Inafaa kwa alama mojamoja, mkono ukiwa mwepesi. Ukisugua sana itafifisha kama waya.

Thina ya kuchanganyia rangi za magari nayo huilainisha rangi ya mafuta ndani ya dakika. Petroli ni mbaya zaidi, kwani mvuke wake hutambaa chini na huwashwa na cheche iliyo mbali. Na jiki, ambayo wengi huiamini kwa kila doa, haina la kufanya hapa. Jiki hupausha madoa yenye rangi za kikemikali kama chai au juisi. Weusi wa soli ni kaboni, na kaboni haipauki. Utakachopausha ni rangi ya baraza.

Hadi saa tano asubuhi tulikuwa tumemaliza kizingiti chote. Lilibaki doa moja, mwisho wa baraza upande wa dirisha, la kahawia, umbo la yai, refu kama kiganja, na jingine la namna hiyo kama mita moja na ushee kutoka hapo. Raba haikufanya kitu. Sabuni, haikufanya kitu. Baiking soda, vilevile. Fundi aliinuka bila hata kujaribu mafuta ya taa, akamuuliza shangazi, “Pikipiki ya kijana inalala hapa?”

Inalala hapo kila usiku.

Hilo ndilo kundi la tatu. Mpira wa tairi, na wa soli nyingi pia, una dawa zinazotiwa ili usipasuke kwa jua na hewa. Dawa hizo hazikai zimetulia. Zimekusudiwa zisogee polepole kutoka ndani hadi juu ya mpira ili ziulinde. Tairi likikaa mahali pamoja usiku baada ya usiku, au kapeti lenye mgongo wa mpira likitandikwa mlangoni kwa miezi, dawa hizo zinahama kutoka kwenye mpira na kuingia ndani ya rangi yenyewe. Kisha mwanga wa jua unazigeuza kahawia. Huna utando wa kubandua, kwa kuwa doa na rangi vimekuwa kitu kimoja. Mara nyingi watu hugundua doa hilo siku wanapohamisha kapeti, pana umbo la kapeti lile lile sakafuni, na wanasugua mpaka saruji ionekane.

Dawa ya doa hilo ni kupaka rangi upya, na hata hapo kuna mtego. Rangi mpya ikipakwa moja kwa moja juu yake, doa linaweza kupenya na kujitokeza tena. Fundi alirudi Jumamosi. Alikwangua kwa msasa namba 120 mpaka rangi iliyobadilika ikaondoka, akalainisha kingo kwa namba 220, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye waiti spiriti kidogo, akaacha pakauke. Akapaka mkono wa kwanza, akasubiri siku nzima, akapaka wa pili. Hakupaka kiraka cha mviringo. Alibandika utepe wa karatasi kwenye mfereji unaogawanya sakafu na kupaka kipande chote mpaka ukutani, kwa sababu rangi ya miezi kadhaa imekwisha kupauka kidogo, na kiraka katikati ya baraza kingeonekana kuliko doa lenyewe. Mikwaruzo ya kundi la pili iliyokuwa kwenye kipande hicho aliiziba kwa safari hiyohiyo.

Sakafu ya mbao hufuata mpangilio uleule, ila adui wake mkubwa ni maji. Ubao ukinywa maji kwenye maungio huvimba na kuinua kingo, kwa hiyo kitambaa kikamuliwe mpaka kisidondoke tone, na mahali hapo pakaushwe mara moja. Anza na raba, ukisugua kufuata mishipa ya mbao, usiikate. Ikibaki alama, tumia waiti spiriti kidogo kwenye kitambaa cheupe. Vanishi iliyokauka vizuri huivumilia. Kama sakafu ilipakwa nta, ujue nta nayo itatoka pamoja na doa, hivyo uwe na nta ya kurudishia na kung’arisha pale. Stiliwaya na maji usivikutanishe kamwe juu ya mbao tupu: chembe za chuma zikikutana na tanini iliyomo kwenye mbao nyingi ngumu hutoa weusi wa bluu unaoingia ndani, na utakuwa umebadilisha doa la kiatu kwa doa la wino.

Kabla ya kuondoka, fundi aliomba aone viatu vilivyokuwa kwenye kizingiti. Aliokota kimoja kimoja, akaburuta kisigino kwa nguvu juu ya karatasi nyeupe. Viatu viwili vya shule viliacha mstari mweusi. Kiatu kimoja cheusi tii hakikuacha kitu, maana weusi wa soli peke yake si ushahidi. Kuna mipira migumu iliyotengenezwa isiachie. Raba nyeupe za kijana wa pikipiki hazikuacha kitu pia. Ni jaribio la sekunde 5, na linafaa kufanywa dukani kabla hujalipa.

Shangazi amebadilisha vitu vitatu. Chini ya magurudumu ya pikipiki kuna vipande viwili vya mbao. Kapeti la mpira limeondoka, na mlangoni sasa pana kikanyagio cha kumbi la nazi, ambacho hukwangua mchanga wa soli na hakina dawa ya kuhamia kwenye rangi. Na kando ya kizingiti pana kigoda, kwa sababu mtu aliyeketi huinama na kuvua kiatu kwa mkono.

Kipande alichopaka fundi kilikuwa cha mwisho kukamilika, na rangi mpya ya mafuta, hata ikikauka juu baada ya siku moja, huendelea kukomaa ndani kwa wiki kadhaa. Katika wiki hizo hushika alama za soli kwa urahisi na huziachia kwa shida. Fundi aliagiza pasikanyagwe kwa viatu kwa wiki nzima. Shangazi akaweka viti viwili vya plastiki na kamba katikati yake. Siku ya tatu nilipopita kumsalimia, nilimkuta amekaa barazani, na ndani ya kamba kulikuwa na unyayo mmoja wa mtoto, mtupu, wa vumbi. Aliufuta kwa pindo la khanga, ukatoka.